Salamu ya sikukuu kwa uliyesoma naye: namna ya kuvunja ukimya wa miaka bila kumpa hofu

Songea. Wiki ya mwisho ya Desemba simu hazipumziki. Picha za mishumaa, maua na maandishi ya “Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya” zinaingia moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa zimetumwa kwa watu mia kwa mkupuo. Katikati ya zogo hilo, wazazi wengi wenye umri wa miaka 35 na kuendelea humkumbuka mtu mmoja waliyesoma naye, wakaitafuta namba yake, wakaandika maneno mawili matatu, kisha wakafuta.

Kinachowazuia kinajulikana. Atanikumbuka? Atadhani nataka hela? Nianze vipi baada ya miaka yote hii?

Hofu hiyo imeshafanyiwa utafiti. Mwaka 2024 watafiti Lara Aknin wa Kanada na Gillian Sandstrom wa Uingereza walichapisha matokeo ya tafiti zao kuhusu watu waliopotezana na marafiki wa zamani. Washiriki walitaka kuwasiliana, waliamini rafiki angefurahi, walikuwa na namba yake na walipewa muda wa kuandika. Hata hivyo, waliotuma ujumbe hawakufika theluthi moja. Sababu mojawapo ni kwamba baada ya muda mrefu rafiki wa zamani huanza kuonekana kama mtu mgeni, na watu wengi huona aibu kumwanza mgeni.

Sikukuu husaidia hapo, kwa kuwa inampa mtu sababu ya kusalimia isiyohitaji maelezo. Lakini salamu hiyo ina mitego yake, hasa kwetu, ambako Desemba inafuatiwa na Januari ya ada, sare na madaftari.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mama wa watoto watatu anaishi Mfaranyaki, Manispaa ya Songea. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2002 katika shule ya bweni, na rafiki yake mkubwa alikuwa msichana wa Korogwe, mkoani Tanga. Walilala deka moja, mmoja juu mwingine chini. Baada ya shule waliandikiana barua, kisha mwaka 2004 rafiki akamtumia namba ya simu. Mwaka 2007 mama mzazi wa rafiki alifariki dunia. Huyu wa Songea alipata taarifa, hakuwa na nauli ya kwenda Korogwe, akaona aibu hata kupiga simu kutoa pole. Aibu ikazaa ukimya, ukimya ukazaa miaka.

Namba ya zamani ni ya nani leo?

Kazi ya kwanza ni kupata namba iliyo hai. Mama wetu ana daftari lenye namba inayoanza na 0744. Akiipiga hivyo ilivyo haiendi popote, lakini hiyo haina maana kwamba imepotea. Katikati ya miaka ya 2000 mitandao ya simu nchini ilibadilisha tarakimu za mwanzo. Zilizokuwa 0744 zikawa 0754, na zilizokuwa 0741 zikawa 0713, huku tarakimu sita za mwisho zikibaki zilezile. Kwa hiyo namba ya daftarini inaweza kujaribiwa kwa kubadilisha mwanzo tu.

Kikwazo cha pili ni cha karibuni zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2020, baada ya muda wa mwisho wa Januari 20, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Watu wengi waliokuwa na laini mbili au tatu walisajili moja na kuziacha nyingine zife. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika inaweza pia kurudishwa sokoni ikauzwa kwa mtu mwingine. Namba ya rafiki yako wa Korogwe leo inaweza kuwa mfukoni mwa fundi magari wa Kahama asiyekujua kabisa.

Namna rahisi ya kuhakiki ni kupitia huduma ya fedha ya simu. Anza hatua za kutuma kiasi kidogo, kama shilingi 1,000, kwenda namba hiyo. Kabla hujaweka namba ya siri, jina la aliyesajili laini hutokea. Lisome, kisha sitisha. Usiweke namba ya siri. Jina likifanana, una uhakika wa kutosha. Jina likiwa la mwanaume mwenye ukoo usioujua, usihitimishe haraka, kwa sababu laini nyingi ziliwahi kusajiliwa kwa jina la mume, kaka au mtoto. Hapo ujumbe wa kwanza uwe mfupi: “Samahani, naomba kujua kama namba hii ni ya fulani aliyesoma Songea.” Usiweke habari za ndani za mtu kwenye simu ambayo hujui nani anaishika.

Namba ikikosekana kabisa, mtafute kupitia mtu mnayefahamiana wote wawili, na umwombe amuulize mwenyewe kwanza kama yuko tayari namba yake itolewe. Mtu aliyekubali namba yake itolewe atapokea salamu kwa moyo tofauti na aliyeshtukizwa.

Kwa nini salamu ya kusambaza haifui dafu

Ile picha ya mshumaa yenye maandishi mazuri haifai kwa kazi hii. Anayeipokea kutoka namba asiyoijua huona mambo mawili. Kwanza, hajui nani ametuma. Pili, anaona kwamba yeye ni mmoja wa watu mia. Wengi watajibu “Na kwako pia” na habari itaishia hapo.

Jibu la namna hiyo lisikudanganye. Miaka ya 1970 mwanasosholojia wa Marekani, Phillip Kunz, alituma kadi za Krismasi kwa watu karibu 600 ambao hakuwafahamu na wao hawakumfahamu. Zaidi ya 100 walimjibu, baadhi kwa barua ndefu zenye habari za familia zao. Watu hujibu salamu ya sikukuu kwa sababu wamelelewa hivyo, hata kama aliyewasalimu hawamjui. Kwa hiyo kupata “nawe pia” hakujafungua chochote. Kinachofungua ni ujumbe ambao ungeweza kuandikwa na mtu mmoja tu, kwenda kwa mtu mmoja tu.

Ujumbe huo una vitu vinne, na vyote vinaingia katika mistari michache.

Cha kwanza ni jina lako, lile alilokuwa analijua yeye. Ukiwa unajulikana mtaani kwa jina la mtoto wako, yeye halijui. Andika jina la shule, na la utani kama lilikuwepo na halikuudhi.

Cha pili ni kumbukumbu moja ndogo ambayo nyinyi wawili tu mnaijua. Hii ina kazi mbili. Inamrudisha kwenye siku zile, na inamthibitishia kuwa wewe ni wewe. Zama hizi matapeli hutuma ujumbe wakijifanya ndugu, mwalimu au rafiki wa zamani, na mtu mwenye akili hushuku kwanza. “Tulisoma wote Songea” tapeli anaweza kuiandika. “Sukari tuliyoificha kwenye kopo la maziwa ya unga ndani ya tranka” hawezi.

Cha tatu ni kusema wazi kwamba huna shida unayotaka akutatulie. Nitalirudia hili, maana hapa ndipo salamu nyingi za Desemba huharibikia.

Cha nne ni swali moja jepesi, ambalo jibu lake ni neno moja au mawili. “Siku hizi uko mkoa gani?” inatosha. “Niambie maisha yako yote tangu tuachane” ni mzigo. Mtu ataahirisha kujibu mpaka apate nafasi, na nafasi haiji. Epuka pia maswali yanayochoma, kama “Umeolewa?” au “Una watoto wangapi?” Hujui miaka hiyo imempitisha wapi.

Kama ukimya una jeraha

Ukimya mwingi hauna kosa la mtu. Mlihama, simu iliibiwa, watoto walikuja, siku zikaenda. Ukimya wa namna hii hauhitaji kuombewa radhi kwa aya nzima. Maelezo marefu ya kwa nini hukupiga humlazimisha mwenzako naye ajieleze kwa nini hakupiga, na salamu inageuka kesi.

Lakini ukimya wa mama wetu wa Mfaranyaki una jeraha. Kwetu kutokwenda msibani, na hata pole usitoe, ni jambo zito. Akituma salamu ya furaha kana kwamba hakuna kilichotokea, rafiki atasema moyoni, “Huyu amesahau kabisa nilivyomzika mama yangu peke yangu.” Akiandika barua ndefu ya kujitetea kuhusu nauli, atakuwa anamfungulia mwenzake msiba upya siku ya sikukuu.

Njia ya kati ni sentensi moja inayotaja jambo kwa jina lake, bila kujitetea na bila kudai asamehewe. Mengine yasubiri siku watakayosikilizana kwa sauti. Ujumbe wake unaweza kuwa hivi:

“Habari za siku nyingi, rafiki yangu. Ni mimi wa deka ya chini, tuliyekuwa tunaficha sukari ya uji kwenye kopo la maziwa. Nimekukumbuka leo nikimfungia binti yangu tranka, naye anakwenda bweni. Najua sikufika kwenye msiba wa mama wala sikutoa pole, na sijasahau. Nakutakia heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wewe na nyumba yako. Sina shida yoyote, nilitaka kukusalimia tu. Siku hizi uko mkoa gani?”

Atamalizia na jina lake la shule. Hapo hajaomba kitu, hajaficha kitu, na amemwachia mwenzake mlango ambao anaweza kuufungua kwa neno moja.

Kama jeraha ni deni, utaratibu ni tofauti kidogo. Ukiwa wewe ndiye unayedaiwa, litaje na useme utalilipa lini, la sivyo kila salamu yako itasomwa kama dharau. Ukiwa wewe ndiye unayedai, amua kabla ya kutuma. Unataka hela au unamtaka mtu? Vyote viwili haviingii katika ujumbe mmoja wa Krismasi.

Desemba, Januari na harufu ya kuombwa hela

Kila mzazi anajua hesabu ya Januari. Shule zinafunguliwa, wa kidato cha kwanza wanaanza, sare, madaftari na nauli vinadaiwa kwa pamoja. Kwa hiyo mtu aliyepotea miaka 15 akiibuka Desemba 28, wazo la kwanza la anayepokea ni kwamba tarehe 5 ataombwa “nisogeze kidogo”. Wengine wamezoea rafiki wa zamani anayeibuka na kadi ya mchango wa harusi, au anayewaingiza kwenye kundi la WhatsApp la michango bila kuwauliza.

Ndiyo maana sentensi ya “sina shida yoyote” ni ya lazima, na ndiyo maana ni lazima iwe kweli. Kama kweli una shida, na huyo ndiye unayetaka kumwomba, basi mwombe waziwazi leo badala ya kumpa salamu leo na ombi wiki ijayo. Atakayekunyima leo bado mnaweza kusalimiana kesho. Atakayegundua kwamba salamu ilikuwa chambo hatapokea simu yako tena.

Hali inaweza kugeuka pia. Unaweza kumsalimia mwenzako, naye katika mazungumzo ya kwanza akakuomba hela. Si lazima awe mbaya, huenda Januari yake ni nzito kuliko yako. Jibu fupi na la ukweli linatosha: “Kwa sasa Januari imenibana, sitaweza. Lakini nimefurahi kukupata.” Usiahidi ili kukwepa aibu, maana ahadi hiyo ndiyo itakayozaa ukimya mwingine.

Kama “rafiki” huyo anakimbilia hela, anakwepa kupokea simu, na hawezi kujibu swali dogo la shule, shuka hapo. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuutuma pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa kazi hiyo.

Utume lini, na kwa njia gani

Mkesha na asubuhi ya Krismasi, pamoja na usiku wa kuamkia Januari mosi, simu hufurika na ujumbe wako unaweza kuzama chini ya picha 60. Siku tulivu ni zile za katikati, kuanzia Desemba 27 hadi 30. Sikukuu bado ipo hewani, wageni wamepungua na mtu ana muda wa kusoma. Kama mwenzako ni Mwislamu, Mwaka Mpya unafaa, au subiri Idi na utume siku ya pili au ya tatu.

Saa nayo ina maana, hasa kama uliyesoma naye ni wa jinsia nyingine. Ujumbe wa saa nne usiku unaosema “nimekukumbuka sana” unaweza kuvunja amani ya nyumba ya mtu. Tuma mchana, andika maneno ambayo mwenza wake akiyasoma hayatamkwaza, na wako nyumbani naye ajue umetuma. Kuandika “msalimie shemeji na watoto” kunasaidia pale tu unapojua kwamba shemeji yupo.

Ujumbe mfupi wa kawaida ni salama kuliko WhatsApp kwa mtu ambaye hujui anatumia simu gani, kwa kuwa unafika hata kwenye kitochi. Kumpigia simu moja kwa moja kunambana. Anaweza kuwa kazini, njiani au kwenye kikao, naye analazimika kukutambua papo hapo. Andika kwanza, sauti ifuate.

Kama vidole bado vinasita, yupo njia iliyojaribiwa na wale watafiti wa 2024. Waliwapa baadhi ya washiriki dakika chache za kuwaandikia kwanza marafiki wanaowasiliana nao kila mara, kisha wakawaomba wamwandikie yule wa zamani. Kati ya waliojizoeza hivyo, zaidi ya nusu walituma. Kati ya wasiojizoeza, walikuwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo anza kwa kuwasalimia dada, jirani na mwalimu wa mtoto, na mkono ukishapata moto, mwandikie yule wa miaka 15.

Asipojibu

Hapa Ruvuma, mwisho wa Desemba ni wakati wa shamba. Mvua zimeanza, mahindi yanapandwa au yanawekewa mbolea, na wengi wenye kazi mjini hurudi vijijini Mbinga, Namtumbo au Tunduru kwa sikukuu na kilimo kwa pamoja. Simu inakaa bila chaji siku mbili, mtandao unapatikana ukipanda mlimani. Ukimya wa siku tano katika msimu huu hauna tafsiri yoyote.

Subiri wiki mbili hivi. Baada ya hapo tuma ujumbe mmoja wa pili, mfupi kuliko wa kwanza, usio na lawama: “Natumaini mmeanza mwaka salama. Nipo, wakati wowote.” Usiandike “mbona kimya” wala usiulize kama amekukasirikia. Asipojibu na huo, acha. Unaweza kumsalimia tena Pasaka mara moja. Zaidi ya hapo salamu inakuwa kumsumbua mtu, na huenda ana sababu zake za kutotaka kurudi nyuma. Wapo ambao shule kwao ni kumbukumbu ya adhabu, njaa au aibu, na wewe ni sehemu ya picha hiyo hata kama hukuwakosea.

Jambo gumu zaidi ni pale simu inapopokewa na mtoto au mjane akisema mwenye namba alishafariki. Usiulize alikufa kwa nini. Toa pole, jitambulishe, na eleza jambo moja jema unalolikumbuka kumhusu. Kwa mtoto aliyempoteza mama akiwa mdogo, habari kwamba mama yake aliwahi kuficha sukari bwenini ni zawadi ambayo hakuna mwingine angeweza kumpa.

Akijibu

Mara nyingi jibu la kwanza huwa fupi kuliko ulivyotegemea. “Jamani! Ni wewe kweli? Nipo Handeni.” Usimmwagie miaka 15 kwa usiku mmoja, wala usimwingize kwenye kundi la mliosoma pamoja kabla hajakubali. Omba muda wa kumpigia na utaje siku: “Jumapili mchana baada ya ibada nikupigie dakika kumi?” Siku ikitajwa, simu hupigwa. “Tutafutane” haina siku, nayo ndiyo iliyowapoteza mara ya kwanza.

Kwa mama wetu wa Mfaranyaki, simu hiyo ya Jumapili ndiyo mahali pa msiba. Aanze nao kabla ya habari za watoto, kwa maneno machache: “Pole kwa mama. Nilipaswa kuja, na kama sikuweza kuja nilipaswa kupiga.” Kisha anyamaze, amwache mwenzake aseme anachotaka kusema, hata kama ni kali. Huenda akalia, huenda akasema alishasahau, huenda akamweleza jinsi alivyomsubiri. Lolote kati ya hayo ni la kusikilizwa hadi mwisho, hata kama dakika kumi zitakuwa arobaini na vocha itaisha.